Kutangua Ndiyo kwa Heshima
Somo juu ya mtu aliyekubali mwaliko, na sasa hawezi kuja

Mtu mwema anapokubali mwaliko, hukubali kwa moyo mweupe. Siku ile anaposema «ndiyo, nitakuja», yeye hasemi uwongo. Lakini kesho haimo mkononi mwa mtu. Ugonjwa huingia nyumbani, kifo hupiga hodi, safari isiyongojewa hutokea, na ile ndiyo ya mwezi uliopita haiwezekani tena. Hapo wengi hufadhaika. Mmoja hunyamaza, akitumaini kwamba kutokuwapo kwake kutajieleza kwenyewe. Mwingine hutafuta kisingizio. Wa tatu hutuma mtoto mdogo na neno fupi, naye hujificha mpaka siku ile ipite. Wote watatu huacha kidonda ambacho kingeweza kuzuiwa.

Somo hili laonyesha jinsi ndiyo inavyotanguliwa bila kuvunja urafiki. Mfano wake ni mwaliko ambao kila mkatekumeni ataufanya yeye mwenyewe siku moja: kumwomba mkristu awe baba wa batizo au mama wa batizo.

I. NDIYO YA MTU HUJENGEWA JUU YAKE

Mwenye kualika, akiisha kupata ndiyo, haiweki moyoni tu. Hujenga juu yake. Atazamwe mtu anayetengeneza pombe ya ndizi kwa ajili ya arusi. Ndizi mbichi huvundikwa shimoni siku nne au tano mpaka ziive. Kisha hukamuliwa, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, nayo huachwa siku mbili au tatu yapate kuchacha. Pombe hiyo hainyweki kabla ya siku yake, wala haikai muda mrefu baada yake, maana huwa kali kama siki. Basi mgeni anayetoa habari kabla ndizi hazijaingia shimoni hampotezei mwenye arusi kitu. Anayetoa habari ndizi zikiisha kukamuliwa anampotezea mali na jasho. Na yule asiyetoa habari kabisa humwacha akitazama njia mbele ya watu wote.

Kwa hiyo uzito wa kutangua hauko katika neno lenyewe tu, bali katika siku ambayo neno lile linafika. Habari ile ile, ikisemwa mapema, ni huzuni ndogo. Ikichelewa, ni hasara. Isiposemwa, ni aibu.

Ndiyo ya baba wa batizo ina uzito zaidi. Kwa sheria ya Eklezia ya mwaka 1983, mbatizwa apewe msimamizi mmoja, mwanamume au mwanamke, au wawili, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke. Kwa kawaida msimamizi awe ametimiza miaka 16, awe mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ukaristia, aishi kama inavyompasa mtu wa imani, tena asiwe mzazi wa yule anayebatizwa. Watu wa namna hiyo si wengi katika kila kijiji, na mkatekumeni aliyempata mmoja huacha kutafuta wengine.

Tena kazi ya msimamizi haianzi siku ya batizo. Kwa watu wazima, ibada ya kuwachagua wakatekumeni hufanyika kwa desturi Dominika ya kwanza ya Kwarezima. Siku ile wasimamizi husimama mbele ya mkutano wa wakristu na kuwashuhudia wale wanaoomba batizo, na majina ya wateule huandikwa. Kutoka hapo mpaka usiku wa Pasaka ni kama majuma sita. Basi msimamizi anayetangua ndiyo yake kabla ya Dominika ile anamhusu mkatekumeni zaidi ya wote. Anayetangua baada yake amekwisha kusimama mbele ya watu, na habari yake yampasa kufika kwa padri na kwa katekista pia.

II. WALIOALIKWA KATIKA EVANJILI

Katika sura ya 14 ya Evanjili ya Luka, Bwana wetu Yezu Kristu anasimulia habari ya mtu aliyefanya karamu kubwa. Ili mfano huu ueleweke, yafaa kujua desturi ya nchi zile. Mwenye karamu alialika mara mbili. Kwanza alipeleka habari ili ajue ni nani watakaokuja. Halafu, chakula kikiwa tayari, alimtuma mtumishi kuwaita. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa Hamani katika kitabu cha Esta: alikuwa amekwisha kualikwa na malkia, na siku yenyewe watumishi wakaja kumchukua.

Basi watu wale wa mfano walijua mapema habari ya karamu. Mnyama alikuwa amekwisha kuchinjwa. Mtumishi alipofika, mmoja akasema amenunua shamba, lazima aende kulitazama. Wa pili amenunua jozi tano za ng'ombe, anakwenda kuwajaribu. Wa tatu ameoa.

Mambo haya yenyewe si mabaya. Kununua shamba si dhambi, wala kuoa. Kosa lao laonekana mahali pawili. Mahali pa kwanza ni saa ya kusema kwao: walingoja hata mtumishi akasimama mlangoni. Mahali pa pili ni uzito wa sababu zao. Shamba lililokwisha kununuliwa halitoroki usiku. Laweza kutazamwa kesho. Ng'ombe waliolipiwa waweza kujaribiwa juma lijalo. Sababu hizo hazikuwazuia kuja. Zilionyesha tu kwamba karamu ile ilikuwa ndogo machoni pao. Tena msomaji aangalie jambo moja: wale wawili wa kwanza waliomba angalau wasamehewe, lakini yule wa tatu hakuomba hata msamaha. Alisema tu kwamba hawezi.

Kutokana na mfano huu mtu aweza kupima sababu yake mwenyewe kabla ya kutangua. Ajiulize: Je, jambo hili laweza kungoja siku moja? Kama laweza kungoja, halitoshi kutangua ndiyo. Uchovu, mwaliko mwingine wenye nyama zaidi, au uvivu wa safari haviingii katika hesabu. Lakini mgonjwa asiye na mtu mwingine wa kumtunza hawezi kungoja, wala maiti ya ndugu haingoji.

III. PAULO MTAKATIFU NA WAKORINTO

Paulo mtakatifu naye alibadili ahadi ya safari, na habari yake imo katika barua ya pili kwa Wakorinto, sura ya 1 na ya 2. Jambo hili lilitukia kati ya mwaka 54 na 57. Paulo aliwaambia wakristu wa Korinto kwamba atapita kwao akienda Makedonia, na kupita tena akirudi, ili wamsindikize kwenda Yudea. Lakini alikuwa amekwisha kuwatembelea mara moja kwa huzuni, kwa kuwa palikuwa na magomvi kati yao. Akaona kwamba, akirudi upesi namna hiyo, atawahuzunisha tena. Basi hakwenda.

Watu wengine wa Korinto wakanung'unika, wakimwona kama mtu mwenye maneno mawili: leo ndiyo, kesho siyo. Yafaa kutazama jinsi Paulo alivyojibu, maana jibu lake ni somo.

Kwanza, hakujifanya kama kwamba hakuahidi kitu. Aliitaja safari yote waziwazi: kwenda kwao, kutoka kwao, kurudi kwao. Lawama yenyewe aliitaja kwa kinywa chake, akiwauliza kama alifanya mashauri yale kwa wepesi wa moyo. Mtu anayeficha ahadi yake humfanya mwenzake aonekane mwongo. Anayeitaja humpa haki yake.

Pili, alitoa sababu ya kweli, hata akamwita Mungu awe shahidi: hakuenda kwa sababu aliwahurumia. Hakusingizia bahari wala ugonjwa. Ingekuwa rahisi kusema kwamba hakupata chombo, lakini sababu ya uwongo ingevunja kile alichotaka kulinda.

Tatu, hakuwaacha mikono mitupu. Mahali pa kwenda mwenyewe aliwapelekea barua, aliyoiandika kwa machozi mengi ili wajue pendo lake. Tena Tito alikwenda kwao, na Paulo alimngojea kwa wasiwasi, hata alipofika Troa asimkute moyo wake haukutulia. Tito akamkuta Makedonia na kumletea habari njema za Wakorinto. Baadaye Paulo alifika katika nchi ya Ugiriki, akakaa miezi mitatu, kama kitabu cha Matendo ya Mitume kinavyosimulia katika sura ya 20. Ahadi yake ilichelewa, lakini pendo lililokuwa ndani yake halikutanguliwa.

IV. MFANO WA KIJIJINI

Na sasa ufikiriwe mfano huu. Mkristu mmoja mwenye heshima anakaa kijiji kilicho mbali, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wakati wa Majilio kijana mkatekumeni alimwendea na jogoo mmoja mkononi, akamwomba awe baba wake wa batizo. Mzee akakubali, tena akaahidi kununua nguo nyeupe ya batizo. Dominika ya kwanza ya Kwarezima alisimama kanisani akamshuhudia. Zikibaki siku kumi na sita kabla ya Pasaka, mama yake mzee anashikwa na ugonjwa mzito. Yampasa kuchukuliwa mpaka hospitali iliyo mbali safari ya siku mbili, na mwana mwingine hayuko wa kumtunza kule. Mzee anajua kwamba usiku wa Pasaka hatakuwapo.

Kishawishi cha kwanza ni kungoja: «Labda mama atapona upesi, labda nitarudi.» Neno hili «labda» laonekana kama wema, lakini ni mzigo anaotwikwa mwenzake. Kijana akiambiwa labda, hawezi kutafuta msimamizi mwingine, wala hawezi kutulia kwa yule aliye naye. Siku kumi na sita zatosha kumpata mwingine na kumpeleka kwa padri. Siku mbili hazitoshi. Basi mzee anakata shauri siku ile ile.

Kishawishi cha pili ni kutuma mtu. Wabebaji wa machela wataondoka kesho asubuhi. Bado ana nusu siku. Saa tatu kwenda na saa tatu kurudi ni taabu kwa mtu mwenye mgonjwa nyumbani, lakini jirani wamekaa na mama mpaka usiku. Anakwenda mwenyewe. Kama isingewezekana, angemtuma mtu mzima wa nyumba yake, mwenye barua au neno alilolishika vema, wala si mtoto anayepita kwenda kisimani.

Anapofika, hasemi habari yake njiani mbele ya watu. Anamwomba kijana waketi mahali pa faragha. Kisha anasema:

«Mwanangu, nimekuja na neno linalonihuzunisha. Nilikuambia nitasimama nawe usiku wa Pasaka, nawe ulinitumainia. Sitaweza kusimama. Nakuomba unisamehe. Mama yangu ni mgonjwa sana, kesho tunampeleka hospitali, wala hana mtu mwingine wa kukaa naye. Nimekuja leo ili upate siku za kumtafuta mwingine pamoja na padri.»

Maneno haya yapimwe. Ahadi imetajwa kwanza, kama Paulo alivyofanya. Neno lenyewe, «sitaweza», limesemwa wazi, bila labda. Msamaha umeombwa kabla ya sababu kuelezwa. Kwa maana sababu ikitangulia na kuwa ndefu, msikilizaji huona kwamba anaombwa kuhukumu kesi, wala si kusamehe. Sababu ni moja, ya kweli, nayo ni fupi. Mzee hakueleza ugonjwa wote tangu mwanzo, wala hakuongeza sababu ya pili na ya tatu. Sababu moja ya kweli husimama yenyewe. Tatu pamoja hutiliwa mashaka.

Kijana ananyamaza, kisha anasema: «Baba, watu walikuona kanisani. Watasema umenikataa.»

Hapa ndipo penye hatari kubwa ya mazungumzo yote. Mzee aweza kukasirika na kusema: «Je, mama yangu si kitu kwako?» Hapo aliyekuja kuomba msamaha angekuwa mwenye kudai. Lakini yeye anakubali kwamba maumivu ya kijana ni ya haki. Anamjibu: «Umesema kweli, mwanangu. Neno hilo limenipata njiani nikija. Kwa hiyo nitapita kwa katekista jioni hii, nimwambie mwenyewe, naye awaambie wakristu Dominika kwamba ni mimi niliyezuiwa, wala si wewe uliyekataliwa.» Aibu iliyoingia mbele ya watu yapaswa kuondolewa mbele ya watu.

Halafu mzee anamweleza kijana mambo mawili ya mwisho. La kwanza ni mali. Jogoo alikwisha kuliwa, lakini mzee amekuja na kuku mwingine. Kijana anakataa kumpokea, naye hamlazimishi. Nguo nyeupe ilikwisha kununuliwa, naye anaiacha pale pale. La pili ni yule atakayechukua mahali pake. Mzee anajua mkristu mmoja anayefaa, lakini hakumwendea kwa siri kabla ya kusema na kijana. Anamtaja tu, akisema: «Ukimpenda, nitamsemesha. Kama una mwingine moyoni, mwende kwa padri pamoja.» Mbadala aliyechaguliwa bila kuulizwa humfanya mwaliki aone kwamba amekabidhiwa kama mzigo.

Mwishoni hamwambii: «Nitakuwa baba wako wa batizo hata hivyo.» Yule atakayesimama ndiye atakayekuwa. Anamwahidi tu kile anachoweza kutimiza: akirudi kutoka hospitali, atakuja kumsalimu. Tena anakuja kweli, juma la tatu baada ya Pasaka, na kuketi na kijana na msimamizi wake mpya. Bila ziara hiyo, maneno yote mazuri yaliyotangulia yangebaki nusu.

V. MAMBO YANAYOHARIBU

Ndiyo yaweza kutanguliwa kwa sababu nzuri, na bado urafiki ukavunjika. Jambo la kwanza linaloharibu ni sababu ya uwongo. Mtu anasema ana homa, na siku ya tatu anaonekana sokoni. Tangu siku ile hata homa yake ya kweli haitaaminiwa. Kama sababu ni ya siri, kama ugomvi wa nyumbani au aibu ya ndugu, si lazima kuifunua. Yatosha kusema: «Kuna jambo la nyumba yangu ambalo siwezi kulieleza, nalo lanizuia kweli.» Kunyamazia siri si uwongo.

Jambo la pili ni msamaha unaomtupia mwenzake kosa, kama vile: «Nisamehe, lakini wewe uliniomba mapema mno.» Msamaha wa namna hii huchukua kwa mkono mmoja kile ulichotoa kwa mwingine.

Jambo la tatu ni kuomba msamaha bila mwisho. Mtu anayelia na kujishtaki mara kumi humlazimisha mwaliki amfariji yeye, na huzuni ya mwaliki hubaki bila mtu. Msamaha ulioombwa mara moja kwa moyo watosha. Yaliyobaki yaonekane kwa matendo.

Dalili ya kwamba jambo limekwisha vema si maneno ya papo hapo. Mwenye heshima atasema «haidhuru» hata kama moyo wake unauma. Dalili ni hii: akiwa na karamu nyingine, je, anamwalika tena? Akimwalika, kidonda kimepona. Asipomwalika, yafaa aliyetangua amwendee tena bila kungoja kuitwa.

MAULIZO

1. Kwa nini habari ya kutangua ipelekwe mapema?
Kwa sababu mwaliki hujenga juu ya ndiyo ya mgeni, na kila siku inayopita huongeza hasara yake.

2. Wale walioalikwa katika Evanjili walikosa wapi?
Walingoja mpaka karamu ikawa tayari, na sababu zao zingeweza kungoja siku nyingine.

3. Paulo mtakatifu alifanya nini alipobadili safari ya Korinto?
Aliitaja ahadi yake waziwazi, akatoa sababu ya kweli, akawapelekea barua, na baadaye akafika.

4. Msimamizi wa batizo akizuiwa baada ya Dominika ya kwanza ya Kwarezima, awaambie nani?
Amwambie kwanza mkatekumeni mwenyewe, kisha padri na katekista, ili mwingine apatikane, tena mkatekumeni asipate aibu.

5. Je, ni uwongo kunyamazia sababu ya siri?
Si uwongo, kama mtu hasingizii sababu nyingine.

6. Kati ya msamaha na sababu, nini kitangulie?
Msamaha utangulie, na sababu ifuate kwa ufupi.